Klachi Kabla ya Barabara

Scholastika alikuwa akipeleka vitenge kwa pikipiki kutoka maduka ya Kariakoo hadi kwa mafundi cherehani wa Buguruni na Magomeni. Rafiki yake Zulekha, ambaye walikua pamoja Masasi, alikuwa akipanda nyuma na kushika mizigo. Kwa miaka walikula sahani moja. Kisha Zulekha akanunua pikipiki yake mwenyewe, na kabla hata hajajua kuiwasha, akawapitia mafundi wale wale kimyakimya kuwaambia kwamba atawahudumia yeye. Scholastika alizisikia habari hizo kwa fundi mmoja, siyo kwa rafiki yake.

Wiki hiyo hiyo Zulekha akaja kumwomba amfundishe. Vijana wa kijiweni, alisema, wanamcheka mtu badala ya kumwelekeza. Scholastika alitaka kumfukuza. Ila alimjua: akikataliwa angeingia barabarani hivyo hivyo. Akakubali bila kumkaribisha kiti.

Jumapili asubuhi wakakutana mtaa wa Gerezani, kwenye maegesho ya ghala la vipuri, ambako mlinzi aitwaye Beno aliwaruhusu kwa kuwa siku hiyo hakukuwa na gari hata moja. Hawakuulizana habari za nyumbani. Scholastika alichora mstari mrefu wa chaki kwenye lami, akapanga chupa tupu upande wa pili, akasema mpango wa siku: kuisukuma pikipiki ya Zulekha, kuishika klachi, kwenda na kusimama, kisha kukata kona. Hakuna gia ya pili. Hakuna kutoka getini.

"Nimekuja kujifunza kuendesha, siyo kusukuma," Zulekha alisema.

"Basi ondoka."

Akabaki. Pikipiki ikiwa imezimwa, alifundishwa kupanda kutoka kushoto huku amebana breki ya mbele, kuinua stendi na kuusikia uzito mapajani. Akaisukuma kandokando ya mstari, na kila alipoambiwa asimame, alibana breki hiyo ya mbele taratibu, kama anayekamua chungwa, siyo kuinyakua. Jasho lilimtoka chini ya helmeti. Scholastika hakumpa maji.

Injini ilipowashwa, kazi ilikuwa moja tu: kuachia klachi kidogo kidogo mpaka pikipiki ijivute, kisha kuibana tena. Mbele, simama. Mbele, simama. Mara mbili Zulekha aliiachia ghafla na injini ikazima. Scholastika akamrudisha mwanzo, bila kumpa pole. Akamtaka atembee nayo miguu ikigusa lami, na baadaye ainyanyue miguu. Kusimama kulikuwa vile vile kila mara: klachi, breki zote mbili, mguu wa kushoto chini.

Jua lilikuwa limeanza kuwachoma, na bado walikuwa kwenye mstari ule ule. Hapo Zulekha akazima injini.

"Unanichelewesha makusudi," alisema. "Unajua nikishaweza, mafundi wote ni wangu. Ndiyo maana unanizungusha hapa kama mtoto."

Scholastika hakuwa na uhakika kwamba ni uongo. Usiku uliopita alikuwa amefikiri namna ya kumfundisha nusu. Kufikiri huko kulimwudhi kuliko maneno ya Zulekha.

"Wachukue wote," alisema. "Lakini hutakufa kwa mafunzo yangu. Haya, chupa. Tazama unakotaka kwenda, usiitazame chupa."

Zulekha akawasha injini, akaondoka kwa hasira kuelekea kwenye chupa. Alipita chupa ya kwanza vizuri, akaikodolea macho ya pili, akaigonga, akashtuka. Mwili ukarudi nyuma, na mkono wa kulia, uliong'ang'ania mshikio wa mafuta, ukauzungusha zaidi. Pikipiki ikaruka kuelekea ukuta wa ghala.

"Klachi!" Scholastika alipiga kelele. "Bana klachi!"

Vidole vya kushoto vikabana vyenyewe. Injini ikalia kwa nguvu, lakini gurudumu halikuwa likisukumwa tena. Breki zikafuata. Pikipiki ikasimama karibu na ukuta, ikalala upande, na Zulekha akaruka pembeni. Beno alikuja mbio akawasaidia kuiinua. Kioo kimoja cha pembeni kilikuwa kimepinda, kiganja kimoja cha Zulekha kimechubuka.

Zulekha alikaa chini. Scholastika alisimama mbele yake bila kumshika bega.

"Kwa hiyo ulinifundisha kweli," Zulekha alisema.

"Nilikufundisha. Sikusema nimekusamehe."

"Na mimi sijaomba."

Scholastika akamwambia apande tena, azunguke mara moja polepole, ili woga usilale naye. Zulekha akapanda, akazunguka chupa akitazama mbele, akasimama alipoambiwa. Kisha Scholastika akafuta chaki kwa kiatu, akasema Jumapili ijayo ni gia ya pili na kuangalia nyuma, asichelewe.

Zulekha alisema atakuja. Mafundi wawili walikwisha kuhamia kwake, na Scholastika alikuwa anajua. Wakatoka getini mmoja baada ya mwingine, Zulekha akiisukuma pikipiki yake kwa miguu, wala hakuna aliyeaga.