Alama ya Moja kwenye Pipeti

Niliacha shule darasa la tatu, nikaingia hospitali kuosha chupa. Sitaitaja hospitali yenyewe. Ilikuwa huku kwetu kusini, na wagonjwa walitujia kutoka Gazi hadi Vanga. Uhuru ulipokuja, Wazungu wenye maabara yao wakafunga virago, nami ndiye niliyebaki nikikagua kila ripoti kabla haijafika kwa daktari. Kazi hiyo sikupewa na mtu. Kuzidisha na kugawanya nilijifunza mwenyewe, na wenye vyeti walikuwa wakiniletea karatasi zao mikono nyuma, kama watoto wa chuo cha Kurani.

Mmoja wao alikuwa kijana wa bara, na cheti chake alikitundika ukutani. Jumatatu moja aliniletea hesabu ya chembe nyeupe za damu ya mwanamke wa Majoreni. Mgonjwa huyo alikuwa na homa ya matumbo, na dawa aliyokuwa akinywa, tulijua sote, huweza kukausha damu ya mtu. Daktari alikwisha kutuagiza: chembe hizo zikishuka chini ya elfu mbili, dawa naisimamisha siku hiyo hiyo.

Nikavaa miwani. Upande mmoja wa kioo cha kuhesabia alipata chembe hamsini na nane, upande wa pili hamsini na sita. Wastani hamsini na saba, sawa. Mara hamsini, kama fomu ilivyochapishwa: elfu mbili mia nane na hamsini. Sawa. Lakini chini ameandika "kwa mililita".

"Mililita?" nikamwuliza. "Mtu huyu unataka tumzike leo? Ni milimita moja ya ujazo. Umekosea mara elfu."

"Kalamu imeteleza, mzee."

"Na hii hamsini ya mwisho umeitoa wapi? Umehesabu chembe mia na kidogo, kisha unajidai unaijua hamsini? Andika elfu mbili na mia tisa."

"Mzee, kweli shule uliiacha?"

"Shule ndiyo iliyoniacha mimi."

Wauguzi wawili waliokuja kuchukua majibu wakacheka. Nikatia sahihi kubwa. Daktari akasoma elfu mbili na mia tisa, akaona ni homa yenyewe iliyozishusha, maana nayo hufanya hivyo, akaiacha dawa iendelee.

Jumatano mgonjwa alianza kutoka damu kwenye fizi. Daktari akataka hesabu nyingine, nami nikasema hii naifanya mwenyewe. Damu ilikuwa imepauka. Kwa damu maskini namna hiyo, pipeti, ule mrija wa kioo wa kupimia damu, huijazi mpaka alama ya nusu kama kawaida. Unaivuta mpaka alama ya moja, ili upate chembe za kutosha kuhesabu. Maana yake umeizimua kwa maji ya dawa mara kumi, si mara ishirini, na kizidisho kinakuwa ishirini na tano. Nikavuta mpaka moja. Nikachukua kalamu kuifuta ile hamsini iliyochapishwa kwenye fomu, na mkono ukanisimama.

Ile ya Jumatatu haikufutwa.

Nikafungua daftari la kijana. Pembeni, kwa penseli, ameandika: "mpaka 1". Aliona damu imepauka, akafanya alivyofundishwa, kisha akazidisha kwa mazoea. Hamsini na saba mara ishirini na tano: elfu moja mia nne ishirini na tano. Elfu moja na mia nne. Daftari lilikuwa mezani pangu siku ile, sikulifungua. Nilikuwa nikiwachekesha wauguzi.

Hesabu yangu ya Jumatano ilitoka mia saba.

Nilimpelekea daktari karatasi zote mbili. Aliitazama sahihi yangu kwa muda.

"Siku mbili," akasema. Hakunikaripia, na afadhali angenikaripia. "Pengine hata Jumatatu tungekuwa tumechelewa. Sijui. Wewe pia hujui."

Dawa ikasimamishwa. Mwanamke akafariki Ijumaa, asubuhi.

Mama yake alikuja dirishani kwa maabara akisubiri gari la kumpeleka maiti kwao. Nikamwamkia shikamoo, nikampa pole.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Muuguzi ameniambia wewe ndiwe uliyegundua kuwa dawa inamdhuru. Wenye vyeti hawakuona, wewe ukaona."

Kijana wa bara alikuwa nyuma yangu, kwenye darubini. Nilisikia kiti chake kikilia.

Nimejenga nyumba ya mawe kwa mikono hii, nimesomesha watoto sita, na nimekwisha kusema mengi mbele ya watu wengi. Pale dirishani nilikuwa na maneno. Yalikuwa mafupi tu, na mama yule alikuwa amesimama akinisikiliza.

"Mungu akulipe kheri," akasema.

Nikasema amin.