Mzito Kama Mapenzi ya Mama

Picha niliyoweka kwenye ukurasa wa duka langu mtandaoni ilikuwa yangu. Hilo nina hakika nalo, kwa sababu kidole changu kinaonekana pembeni kimeshika pakiti ya unga wetu wa uji. Maneno ya chini ya picha ndiyo hayakuwa yangu, ingawa asubuhi hiyo ningeapa ni yangu: "Uji mzito kama mapenzi ya mama. Onja, urudi utotoni."

Haikufika saa nne. Mteja wetu mmoja hapa mtaani Landless, mama anayefanya kazi kiwandani, akaandika chini yake: "Kwani mmerudiana na yule wa Ruiru?" Akaongeza vicheko vitatu.

Yule wa Ruiru ndiye tulianza naye biashara hii ya unga. Miaka minne tulichambua wimbi na mtama kwenye sinia moja, tukaenda kusaga kwenye kisiagi pamoja, tukafunga pakiti kwenye chumba changu hapa Thika. Kisha tukakosana. Yeye alitaka tutie sukari na maziwa ya unga, mimi nikakataa. Siwezi kusema nilikuwa sahihi, maana unga wake unauzika vizuri. Akahamia Ruiru, upande wa Kamakis, akafungua duka lake, na kati yetu zikabaki salamu za Krismasi tu.

Nilifungua ukurasa wake. Wiki tatu nyuma alikuwa ameandika: "Mzito kama mapenzi ya mama. Kikombe kimoja, umerudi utotoni." Hata vile vimoyo viwili alivyoweka mwishoni, nilikuwa nimeviweka vilevile.

Sikuiba kwa kukusudia. Lakini nikisema hivyo lazima niseme na hili: nilikuwa nasoma ukurasa wake kila siku nikinywa chai, kwa sababu nilimkumbuka sana. Sauti yake iliniingia mpaka nikadhani ni yangu.

Alipiga simu mchana. Hakufoka.

"Hayo nilimwandikia mama yangu," alisema. "Na wewe unajua."

Nilijua. Mama yake ndiye aliyetuonyesha wimbi kiasi gani kwa mtama kiasi gani. Tulipomzika nilisimama nyuma kabisa, nikaondoka kabla ya chakula. Na mimi, kusema kweli, mama yangu hakuwahi kunipikia uji. Nililelewa na shangazi ambaye hakuwa na muda. Yale maneno yalikuwa ya kweli kwake. Kwangu yalikuwa uongo.

Niliyafuta. Nikajaribu tena: "Mnene kama upendo wa mzazi." Binamu yangu, ambaye alisomea biashara chuoni, akasoma akacheka.

"Umembadilisha nguo tu. Mtu ni yuleyule."

Akaniambia niandike maneno ya rafiki yangu na yangu kwenye ukurasa mmoja wa daftari, kando kwa kando, halafu nikate kila kilicho cha mwenzangu. Si maneno peke yake, alisema, hata njia aliyopitia. Nikakata ule mfano, nikamkata mama, nikakata utoto, nikakata vimoyo. Upande wangu haukubaki na kitu. Nilimwambia labda mimi sina sauti, nimesoma mpaka darasa la nane tu.

Hakunibembeleza. Aliniuliza mteja akija dukani huwa namwambia nini. Nikamweleza: kwamba uji hauna sukari, kwamba mtoto anaweza kuukataa, kwamba usiache kukoroga. Akasema basi sauti ya duka langu ndiyo hiyo, ya jirani asiyejua kudanganya, niandike kama huyo jirani na nisiandike kitu ambacho hawezi kukisema.

Nikaandika: "Uji wetu hauna sukari. Siku ya kwanza mtoto atakukunjia uso. Siku ya tatu ataomba kikombe cha pili, ama hataomba, kila mtoto ana yake. Ukiacha kukoroga, uji utashika sufuria, na hapo usitulaumu."

Kabla ya kuposti, nilienda Ruiru kumwomba msamaha uso kwa uso. Alisoma simu yangu polepole, amesimama nyuma ya kaunta. Alipofika kwenye sufuria alicheka kile kicheko chake cha zamani, mkono mdomoni, nami nikaona tumepona.

"Huyu ni wewe kabisa," alisema. "Hakuna hata neno langu moja."

"Hakuna," nilisema.

Nikaomba msamaha, akasema yameisha. Nafikiri alimaanisha. Kisha akaingia mteja, akamhudumia vizuri, na alipomaliza akanigeukia na uso uleule aliompa mteja.

"Nikupatie ya kilo moja ama mbili, dada?"

Miaka yote aliniita "we mtu". Dada ni jina la kila anayeingia dukani. Pengine hakuwaza lolote, kulikuwa na watu. Nilinunua ya kilo moja.

Nilipoyaposti, maneno yangu yalipendwa. Yule mama wa Landless aliandika, "Sasa hapo tumekusikia." Nashukuru. Nimeacha kusoma ukurasa wa rafiki yangu, nisije nikabeba maneno yake tena.

Jumapili nilipika uji wake, ule wa pakiti niliyonunua. Ulikuwa mzito, mtamu, na haukushika sufuria hata kidogo. Nilichukua simu nimwambie, nikakosa namna ya kuanza.