Kanga Iliyochelewa Kusimama

Mdogo wangu alichukuliwa na mto akirudi kutoka shuleni, masika, alipokuwa darasa la nne. Mbwa wetu alikuwa naye, naye mbwa alisimama ukingoni. Ndivyo tulivyojua mahali. Watu walimkuta mbwa amekaa kwenye matope anatazama maji, na mbele yake kidogo, kwenye mizizi ya mti ulioinamia mto, kanga ya mama ilikuwa imenasa. Mama alifika kabla ya wanaume. Aliniambia mara moja tu, miaka mingi baadaye tukiwa tunamenya muhogo, kwamba pembe moja ya kanga ile ilikuwa bado inacheza majini, inakwenda na kurudi, na kwa muda alidhani kuna mkono unaoivuta.

Nimeandika hadithi nyingi, na ndani ya zote kuna mto. Hii ya safari hii ilikuwa fupi: mtoto anakimbia kuwahi nyumbani kabla ya mvua, anaukuta mto umejaa, anasimama. Basi. Mwalimu mkuu wa shule ya kwetu Gorong'a, mgeni aliyepangiwa huku kutoka Tabora, aliniomba niigeuze katuni ya kuwaonyesha watoto kabla ya masika. Akasema watoto wamechoka kuambiwa wasivuke mto uliojaa, labda wakiona watasikia. Nikamtafuta rafiki yangu niliyesoma naye sekondari, ambaye siku hizi amepanga chumba Tarime mjini na anaishi kwa kuchora katuni: kadi za harusi zinazocheza kwenye simu, matangazo ya chanjo, nyimbo za watoto.

Lakini kwanza nilimwomba mama ruhusa. Mtoto wa kwenye katuni angekuwa mdogo wangu, na nisingeweza kumchukua bila mama. Mama alichochea moto mpaka chungu kikachemka. Kisha akasema, "Mtengenezeni. Nitamtazama. Kama si yeye, mtatafuta mtoto wa mtu mwingine."

Mchoro wa kwanza haukumfikia mama, niliukataa mwenyewe. Rafiki yangu alikuwa amempa mtoto nywele ndefu za kusuka, mikia minne iliyoruka nyuma ya kichwa kila alipokanyaga. Ilipendeza kweli. Nikamwuliza ni shule gani ya msingi ya serikali huku anayoijua yeye inayoruhusu mikia. Akacheka, akajipiga paji la uso. Alisema mkono wake umezoea nywele kwa sababu nywele ndizo zinazomwonyesha mtazamaji kwamba kichwa kina uzito. Akazifuta zote, na mtoto akabaki na kichwa cha kunyolewa kama sisi wote tulivyokuwa.

"Sasa nimeishiwa," akasema. "Miguu peke yake haitoshi. Nahitaji kitu kinachochelewa."

Hapo ndipo aliponifundisha kazi yake, kwa kuinuka na kukimbia hatua chache pale chumbani na kanga yake begani. Mwili, alisema, ndio unaoamua. Vitu vinavyoning'inia kwenye mwili vinapata habari baadaye. Ukikimbia, nguo inabaki nyuma kwa sababu bado haijui kama umeondoka. Ukisimama ghafla, nguo haijui kama umesimama, kwa hiyo inaendelea mbele, inakupita, ndipo inarudi, inapitiliza tena kidogo, mpaka inachoka. Na haichoki yote pamoja. Karibu na fundo inatulia mapema, pembeni inachelewa. Mkia wa mbwa vivyo hivyo: shina la mkia linasimama na kiuno, ncha inafika ya mwisho.

Nilimsikiliza nikiwa nimekaa kitandani kwake. Nikamwambia kwamba mdogo wangu siku ile alikuwa amejifunga kanga ya mama shingoni, pembe mbili kwa fundo, nyingine zikining'inia mgongoni, kama watoto wa kwetu wanavyofanya asubuhi za baridi. Na kulikuwa na mbwa. Rafiki yangu aliandika kwenye kiganja chake: kanga, mkia.

Jumamosi alikuja nyumbani na simu yake kurekodi. Alitaka kuona kitambaa cha kweli na mbwa wa kweli. Mbwa alikuwa yule yule, mzee sasa, pua imeingia mvi, lakini ukikimbia anakimbia. Rafiki yangu alichora mstari kwa fimbo kwenye njia inayoshuka kutoka kwenye mawe tunayoanikia muhogo. Nikajifunga shingoni kanga mpya niliyoinunua sokoni, nikakimbia na mbwa, nikasimama kwenye mstari. Nikarudia. Rafiki yangu alikuwa anatikisa kichwa, anasema kitambaa kinaruka kama karatasi, hajui kwa nini.

Tuliporudi juu mama alikuwa amesimama mlangoni. Sikujua ametutazama kwa muda gani. Mikono yake ilikuwa na unga, na ameishika mbali na mwili kama mtu aliyeungua. Rafiki yangu akamsalimia, "Shikamoo mama," naye akajibu marahaba bila kumtazama. Alikuwa ananitazama mimi, yaani alikuwa anatazama mahali nilipo. Kisha akaingia ndani. Tulisikia sanduku la bati likifunguliwa.

Alitoka na ile kanga. Nilikuwa sijaiona tangu msiba. Rangi ilikuwa imekwisha, maandishi yake hayasomeki tena.

"Hiyo yako ngumu," akaniambia. "Bado ina dawa ya dukani. Yake ilikuwa imefuliwa mpaka ikalainika. Ilikuwa inaanguka."

Akanifungua ile mpya, akanifunga hii mwenyewe, fundo chini ya kidevu, akalikaza kama mtu anayemtayarisha mtoto kwenda shule. Vidole vyake vilikuwa baridi. Kanga ilinuka bati na majani ya mwarobaini. Nilikimbia na sikuweza kuhisi kwamba ninakimbia mwenyewe. Nilisimama kwenye mstari, mbwa akasimama, na kanga ikanipita pande zote mbili za mabega, nzito na pole, ikanigusa kifua, ikarudi mgongoni. Niliposhusha macho nilimwona mbwa hanitazami. Alikuwa anatazama mbele yangu, kule pembe za kanga zilikofika kabla hazijarudi.

Rafiki yangu alifanya kazi wiki kadhaa na rekodi ile. Aliniita nione akiwa katikati. Kanga aliijenga kama mnyororo wa vipande kutoka kwenye fundo hadi kwenye pindo, kila kipande kikiiga kilichokitangulia lakini kikichelewa picha mbili tatu nyuma yake, maana katuni ni picha nyingi zinazopita upesi. Mkia hivyo hivyo. Nilimwona mdogo wangu akishuka kilimani akiwa na kichwa cha kunyolewa, na kanga ikimfuata kama inayomwita asubiri.

Siku ya gulio mama alikuja mjini kutazama. Alikaa kwenye kitanda, mkoba mapajani. Mtoto alikimbia, mbwa akakimbia, mto ukaonekana, mtoto akasimama. Kanga ikampita ikaelekea majini, na hapo hapo picha ikakatika, yakaja maji peke yake, yenye povu, mapana. Rafiki yangu alikuwa amekata pale kwa makusudi. Alisema ndipo moyo unapodunda.

Mama akaomba aone tena. Akaona.

"Hajasimama," akasema.

Rafiki yangu akamrudishia pale, akamwonyesha kwa kidole. "Amesimama, mama. Tazama miguu."

"Miguu naiona. Kanga bado inakwenda." Akageukia kwangu. "Mtoto huyu mmempeleka tena. Sikubali."

Nikasema haraka kwamba itarekebishwa, kwamba kanga isimame pamoja na miguu. Nilitaka tu yale maji yasimfikie tena. Rafiki yangu alinitazama kwa huruma, lakini akafanya nilivyosema. Akavuta alama zake zote za mwendo kwenye kompyuta zikakaa kwenye picha moja, akabonyeza. Mtoto akakimbia, akasimama, na kila kitu kikasimama naye kwa mara moja: kanga, masikio ya mbwa, mkia. Sijawahi kuona kitu kibaya kama kile. Alikuwa ubao uliokatwa kwa umbo la mtoto. Mama akageuza uso ukutani.

"Huyo amekufa," akasema taratibu.

Nje pikipiki zilikuwa zinapiga honi, mtu anatangaza bei ya dagaa. Nilijua tumempoteza, kwamba mama angeinuka sasa na mdogo wangu angerudi kwenye sanduku la bati, na shuleni wangeonyeshwa mtoto mwingine, au wasionyeshwe kitu. Rafiki yangu ndiye aliyesogeza kiti chake karibu na kitanda.

"Mama," akasema, "kanga lazima impite. Akiwa hai lazima impite. Kosa langu ni kwamba sikuisubiri. Nilikata kabla haijarudi."

Mama alimtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Inarudi?"

"Ukiisubiri inarudi."

"Basi nirudishie," mama akasema. Akainuka, akaenda sokoni kununua chumvi.

Rafiki yangu alirudisha uchelewaji wote, kipande kwa kipande. Kisha akaisogeza mbali picha ya maji na kufungua nafasi tupu ya muda baada ya mtoto kusimama, nafasi ambamo mwili haufanyi kitu. Humo akairudisha kanga: inapita mabega, inafika mwisho wake, inarudi na kupitiliza nyuma, inakuja mbele tena lakini kidogo, kila safari fupi kuliko iliyotangulia. Alimpa mtoto pumzi moja tu, mabega yapande na kushuka, ili asiwe ubao. Mkia wa mbwa aliuacha wa mwisho.

Mama alirudi, akakaa mahali pale pale. Mtoto akashuka kilima. Mto. Miguu ikasimama na kanga ikaenda majini, na nikamwona mama ameshika mpini wa mkoba kwa mikono miwili. Kanga ikarudi. Ikaenda kidogo. Ikarudi. Fundo lilikuwa limetulia zamani, pembe moja bado inacheza, ile ya kushoto. Pembe ikashuka. Mkia wa mbwa ukayumba, ncha yake ikajikunja, ikalala. Mtoto akabaki pale, ukingoni, kavu.

"Acha hapo," mama akasema. "Usiongeze kitu."

Maji hayakuonyeshwa tena baada ya hapo, katuni iliisha kwa mtoto kusimama. Mwalimu mkuu aliionyesha darasani kwenye ukuta, madirisha yamezibwa kwa magunia. Watoto walicheka mkia wa mbwa, kisha wakanyamaza, wakisubiri kanga itulie.

Mama hakwenda shuleni siku hiyo. Nilipofika nyumbani alikuwa amefua ile kanga na kuianika kambani, katikati ya mashuka na magauni yake, kama nguo nyingine yoyote. Upepo wa mlimani ulikuwa umepita muda huo huo na pembe moja ilikuwa bado inayumba. Mbwa alikuwa amelala chini yake. Mama aliitazama kidogo, akafuta mikono kwenye gauni, akaingia jikoni kuchochea moto kabla pembe ile haijatulia.