Karanga Zilizotolewa Kwenye Barua

Kwetu mjomba akishasema, amesema. Baba alishafariki, na hata angekuwepo, mambo ya shule na kazi yangu yangebaki kwa kaka wa mama. Kwa hiyo niliposikia kiwanda kidogo cha korosho huko Ruangwa kinatafuta msaidizi wa afisa masoko, barua yangu ya maombi niliipeleka kwanza kwa mjomba, hapa Nachingwea. Ni karani mstaafu, na kwake barua isiyo na "tajwa hapo juu" si barua.

Nilikuwa na shahada ya masoko na uzoefu sifuri. Nikaona nisijidanganye, nikaandika nilichonacho: kwamba mama anauza karanga za kukaanga stendi, na kwamba nilipomaliza chuo nikawa nimekaa tu nyumbani, nilizifunga upya kwenye vipakiti vyenye lebo, nikazitangaza kwenye stetasi ya WhatsApp, mpaka walimu wa shule ya Naipingo wakawa wanaagiza. Aya moja tu. Niliipenda ile aya, nasema kweli.

Mjomba aliirudisha barua, aya ile imekatwa yote kwa kalamu nyekundu. Mahali pake aliandika kuwa mimi ni mchapakazi, mwaminifu, ninayeweza kufanya kazi bila kusimamiwa. Nilibisha, nikaambiwa elimu imenitia kiburi. Haya. Nikaichapisha steshenari, nikaipeleka Ruangwa mwenyewe.

Kimya. Kila simu ilipolia nilishtuka, kumbe ni meseji za mtandao wananiuzia bando. Nilizitukana moja moja. Mwisho nikafunga safari kwenda kuuliza.

Afisa masoko, mama mmoja mpole, hakunificha. Nafasi ilishapata mtu, kijana aliyewahi kuuza vocha Chunyu, ambaye kwenye barua yake alieleza alivyowapata wateja na alivyowashika wasimkimbie. Hapo nikaropoka habari ya karanga, yote. Akaitoa barua yangu kwenye faili, akaisoma tena taratibu.

"Mbona hukuandika haya?" akaniuliza. "Humu uko sawa na wenzako wote. Ningekuita kwenye usaili."

Nilirudi nimevimba kwa hasira. Nikamkuta mjomba kwetu, anakunywa chai, nikamwambia mbele ya mama kwamba kalamu yake ndiyo iliyoninyima kazi. Sijawahi kumjibu mtu mzima namna ile. Hakunigombeza. Aliweka kikombe chini, akamtazama dada yake.

"Mwache mjomba wako," mama akasema. "Mimi ndiye niliyemwomba azitoe karanga. Sikutaka wakudharau kwa ajili yangu, mwanangu."

Hasira yote ikakosa pa kwenda. Nilitaka kumwambia kwamba katika barua yangu ya kwanza yeye ndiye aliyekuwa kitu cha maana, lakini alishainuka, akaenda kuchambua karanga za kesho.