Nakala kwa Bwana Shauri

Kosa langu la kwanza katika uandishi wa barua lilikuwa mstari mmoja chini ya sahihi: "Nakala kwa Bwana Shauri." Sikuagizwa kuuandika, wala huyo Mzungu mkuu wa wilaya hakuhusika. Niliuweka kwa sababu barua zote nzuri nilizowahi kuziona zilikuwa nao.

Sikusoma zaidi ya darasa la nne. Barua nilijifunza mwenyewe Nachingwea, kwa kuokota karatasi zilizotupwa nje ya ofisi za mradi wa karanga. Nilizinyoosha, nikazinakili usiku na mchana mpaka nikajua namba ya kumbukumbu inakaa wapi, tarehe inakaa wapi, na kwamba mwandishi humalizia kwa kujiita mtumishi mtiifu. Kwa hiyo kamati ya ukumbi wetu wa ustawi ilipotafuta karani asiyelipwa, nilijitokeza, na tangu siku hiyo nikaishi kwa hofu kwamba watagundua sijui kitu.

Mwaka ule kamati iliahidiwa mtu wa sinema kwa siku tatu. Angepiga picha za maisha yetu wenyewe: kulima, kuchota maji, soko, shule. Kisha filamu ingeonyeshwa kwenye shuka jeupe, Nachingwea na Ruangwa, watu wajione. Mwenyekiti, askari mstaafu aliyekuwa akiongea kama yuko gwaride, aliniambia, "Karani, mwandikie mwalimu mkuu wa ile shule ya mbele ya Nkowe. Mwombe ruhusa tuwapige picha wanafunzi wake. Barua iwe safi."

Neno "safi" lilininyima raha. Niliandika mara kumi na moja. Nilieleza siku, saa, kwamba wanafunzi wangepigwa picha wakisoma na wakipalilia bustani, na kwamba wasingeulizwa lolote. Nilipoichapa kwa taipureta ya ukumbi niliona chini patupu, pananitazama. Nikachapa ule mstari. Mwenyekiti alitia sahihi bila kusoma, barua ikaenda kwa dereva wa lori. Nakala yenyewe sikuipeleka kwa Bwana Shauri. Wala sikuwa na ujasiri wa kupita mlangoni kwake.

Jibu lilirudi baada ya siku tano: "Agizo limepokelewa. Wanafunzi wote watakuwapo." Nililisoma mara nyingi. Sisi tuliomba, yeye anajibu kuwa ameagizwa. Lakini sikumwambia mtu. Nilijiambia huenda ndivyo walimu wanavyoandika.

Siku mbili kabla ya mtu wa sinema kufika, mwenyekiti alinituma kwa baiskeli nikahakikishe mambo. Niliondoka alfajiri. Nilipopita Nkowe jua lilikuwa kali, na jambo la kwanza lililonitisha ni kwamba hakuna aliyeitikia salamu yangu. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipeta ufuta aliniona, akaacha ungo chini, akambeba mtoto wake akaingia ndani na kufunga mlango.

Shuleni kulikuwa kimya. Katika darasa la kwanza nililochungulia waliketi watoto wanne. La pili lilikuwa tupu. Mwalimu mkuu alikuwa peke yake ofisini, mtu mnene wa makamo, na barua yangu ilikuwa mezani.

"Ndiye wewe mwandishi?" aliuliza kabla sijaketi.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Mwandiko wa mashine mzuri sana. Umenifukuzia shule nzima."

Alinieleza. Alipoona jina la Bwana Shauri hakufikiri tena kama anakubali au anakataa. Alimwarifu jumbe, mkuu wa kijiji, na jumbe akatangaza kwamba mzazi atakayemficha mtoto siku ile ataitwa barazani. Basi. Kesho yake uvumi ulikuwa umeenea kuwa watoto watachukuliwa. Wengine walisema ni kazi za mashambani, wengine walisema ni mumiani, wale wanaonyonya watu damu, na kwamba kile chombo cha kioo cha kupigia picha ndicho kinachonyonyea. Familia zikahamia na watoto kwenye vibanda vya mashambani, wengine hadi kijiji cha Nandagala.

"Nimeomba watoto hawa nyumba kwa nyumba kwa miaka sita," alisema. "Mkaguzi akija akikuta madawati matupu, ataifunga shule. Nami nitarudi kulima."

Nilijua kuna jambo moja ambalo nisipolisema wakati ule sitalisema kamwe.

"Mwalimu, nakala haikwenda."

"Haikwenda wapi?"

"Kwa Bwana Shauri. Hajui lolote. Niliandika tu, ili barua ipendeze."

Nilitamani anipige, tumalizane.

"Yaani nimewatisha watu wangu," alisema polepole, "kwa pambo?"

Hapo nje pakasikika sauti. Wanaume watatu walikuwa wamesimama uwanjani, mmoja mzee, wawili vijana wenye mapanga ya kufyekea. Nyuma yao alisimama yule mama wa ufuta. Baiskeli yangu walikuwa wamekwisha kuilaza chini.

"Tumesikia mwenye kuandika watoto amefika," mzee alisema. "Atoke tumwone."

Nilitoka kwa sababu mwalimu alinishika bega akanitoa. Mwalimu akazungumza kwa Kimwera, nami nilielewa kila neno. Aliwaeleza jinsi nilivyo: kijana mjinga, barua ya uongo, hakuna amri ya serikali.

Kijana mmoja akacheka. "Huyu ndiye mumiani? Hata damu yake mwenyewe haimtoshi!"

Mama hakucheka. "Mwanangu, hiyo barua yako, mimi nikisema hapana inakuwaje?"

"Mtoto wako hatapigwa picha, mama. Atabaki anasoma."

"Na mwalimu akisema hapana?"

"Basi hatutakuja kabisa."

"Hayo yameandikwa?"

Hayakuwa yameandikwa. Katika matoleo kumi na moja sikuwa nimefikiri hata mara moja kwamba mtu anaweza kukataa.

"Yaandike," mzee alisema. "Hapa hapa."

Niliandika kwa kalamu ya mwalimu, kwenye karatasi iliyochanwa daftarini, watu wanne wakiwa wamenisimamia kichwani. Niliandika kwamba tunaomba, kwamba mwalimu mkuu yuko huru kukataa, kwamba hata akikubali, mtoto ambaye mzazi wake hataki hatapigwa picha wala kuadhibiwa. Kalamu ilivuja, nikafuta neno mara mbili. Ilikuwa barua chafu kuliko zote nilizowahi kuandika. Mwalimu aliisoma kwa sauti, kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa Kimwera. Halafu akachukua kalamu ile ile, akaandika chini yake: "Nimekataa." Akatia sahihi, akamwonyesha mzee.

Mzee hakujua kusoma, lakini aliutazama mstari ule kwa makini. "Watoto watarudi Jumatatu," alisema. Kijana akainua baiskeli yangu.

Njiani kurudi niliogopa kitu kingine tu, mwenyekiti. Nilimpa ile karatasi; aliisoma, akapiga meza, akaniita msaliti, akanivua ukarani mbele ya kamati. Filamu ilipigwa bila shule. Baadaye dereva wa lori aliniambia madarasa yale yamejaa tena, isipokuwa watoto wachache waliobaki Nandagala moja kwa moja.

Bado naandikia watu barua, na bado naogopa kila ninapoanza. Lakini sasa naenda kwanza mwenyewe kuuliza kwa mdomo, na simwandiki chini ya barua mtu yeyote ambaye sitampelekea.