Pole Zilizofichwa

Ofisini kwetu Tunduma, ambako tunagomboa mizigo inayovuka kwenda Zambia, jambo la kwanza nililofundishwa ni kutowaonyesha wateja majina ya wenzao. Tangazo likienda kwa wote, anwani zao zinakaa kwenye BCC, ile nakala fiche, na kwenye nafasi ya mpokeaji tunaweka anwani ya ofisi. Tunao wafanyabiashara wawili wa saruji ambao kila mmoja anaamini tunamhudumia yeye tu. Siku wakionana kwenye CC, ile nakala ya wazi, tutahama mji.

Aliyenifundisha hayo ni dada mmoja wa Ileje, mkongwe wa kuandaa nyaraka za forodha. Alikuwa mkali wa mdomo na laini wa moyo. Nikikosea ananisema hadi nakereka, kisha ananimenyea chungwa.

Mama yake alipofariki, alipanda kwenda kijijini kwao Mbebe kuzika. Bosi akaniita, akaniagiza niwajulishe wateja kwamba dada amefiwa na mafaili yake yatashikwa na mwenzetu. Nikamuuliza kama nimkopi na dada mwenyewe. Akasema, kwa huruma kabisa, kwamba nimwache mwenzangu aomboleze, simu isimpigie kelele msibani. Nikaona ni sawa. Nikawaficha wateja wote kama nilivyofundishwa, nikatuma.

Pole zikaanza kuingia. Ziliingia kwenye anwani ya ofisi, ninayoifungua mimi peke yangu, kwa sababu huko ndiko tangazo lilikotoka, na dada hakuwamo popote kwenye ile barua. Hata kama mteja angebonyeza Jibu Wote, isingemfikia. Mimi nikadhani wamemwandikia na yeye pembeni. Wanamjua miaka mingi. Bosi naye alidhani hivyohivyo.

Aliporudi alikuwa amekonda. Akafungua barua pepe zake, akasoma, akafunga. Siku zile hakunisema hata nilipochanganya namba ya tela, na hilo ndilo lililonitia hofu. Mchana mmoja, tukila wali maharage nyuma ya ofisi, akaniambia mwisho wa mwezi anarudi Ileje akalime kahawa na wadogo zake. Bosi bado hajui.

Nikamuuliza amekosewa nini.

"Malori yao nimeyapigania hapa mpaka miguu imevimba," akasema. "Mdogo wangu, nimezika mama yangu. Hata mmoja wa kuniandikia pole?"

Nikaiacha sahani. Nilitaka kumjibu palepale, lakini machozi yalinitangulia, nikaingia ndani bila kunawa.

Kwenye kompyuta ya ofisi pole zilijaa. Nikafikiria kuzikusanya zote kwenye barua moja na kumkopi bosi, aone naye. Nikaghairi. Mteja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, alikuwa amesimulia kifo cha mama yake mwenyewe, mambo ambayo mtu hamwandikii bosi wa mtu. Mwingine alichanganya pole na malalamiko kwamba bosi wetu ni bahili. Basi nikamfowadia dada moja baada ya nyingine, yeye peke yake, bila nakala kwa yeyote, nikamweleza kwa nini zilimpita.

Alisoma akiwa amenipa mgongo. Ile ya Nakonde aliirudia. Mabega yakaanza kutikisika, nikaenda nikamshika.

"Kumbe walikuwapo," akasema.

Alipofuta uso akataka kuwashukuru wote papo hapo. Akafungua pole mojawapo, kidole kikaelekea kwenye Jibu Wote, nikamzuia: pale angenipata mimi tu niliyemfowadia; wateja hawamo, ingebidi awaweke mwenyewe kwenye BCC. Akanitazama kwa jicho lake la zamani.

"Unanifundisha mimi BCC?"

Nilifurahi mno kusemwa. Akaanza barua mpya, akazipanga anwani za wateja kwenye nakala fiche, akiwaficha hata wale wawili wa saruji, na akanifukuza nisisome begani kwake.

Ikanifikia mezani kwangu muda mfupi baadaye. Kwenye CC alikuwamo bosi. Kwenye nafasi ya mpokeaji, ambapo siku zote tunaweka anwani ya ofisi, aliandika yangu, ili kila mteja afungue aone jina langu. Ilisema:

"Kwa mdogo wangu aliyenitunzia salamu, na kwenu nyote ambao hapa hamwonani. Mimi nimewaona. Mama amepumzika. Mafaili yenu yarudisheni kwangu, nipo."