Ankara ya Mwisho ya Mzee Mdoe

Enzi za Mzee Mdoe, karakana ya samani ya Masuguru haikudai kwa barua pepe. Mzee alipanda basi mpaka kwa mdaiwa, akaulizia mvua, mifugo na wajukuu, akanywa chai, na deni akalitaja akiwa ameshasimama kuaga. Swaumu, karani wake wa hesabu kwa miaka kumi na moja, alimcheka sana kwa hilo. Sasa mzee hayupo, na Swaumu angetoa chochote apate kumcheka tena.

Alifariki mwezi Machi, wiki moja baada ya kupeleka mwenyewe madawati sitini katika shule moja binafsi huko Misima, Handeni. Ankara ilikuwa ya milioni nne na nusu, ya kulipwa ndani ya siku thelathini. Siku zikapita. Mafundi wanne walisubiri mshahara kutokana na fedha hiyo, na kwa adabu zao hawakuuliza. Walipita tu polepole mbele ya mlango wa Swaumu, na hilo lilimuuma kuliko kuulizwa.

Siku ya tatu baada ya tarehe ya malipo, Swaumu alimwandikia mhasibu wa shule: "Habari za kazi, Mama Nemayian. Naomba kukukumbusha ankara namba 214, huenda imesahaulika. Nimeiambatisha." Kimya. Baada ya wiki mbili akaandika tena, akataja kiasi na siku zilizozidi, akaomba tarehe ya malipo. Kimya cha kukera. Rasimu ya tatu aliianza kwa maneno ya moto, akayafuta, akaandika: "Tunaomba malipo kabla ya Ijumaa tarehe 30 Mei. Yasipofika, tutalazimika kusimamisha oda yenu ya makabati. Kama kuna tatizo lolote kwenye ankara, tafadhali tueleze tulirekebishe."

Jibu lilikuja mchana uleule. "Dada Swaumu, nisamehe kwa ukimya. Madawati tumepokea na watoto wanayakalia, ila shule hailipi bila hati ya makabidhiano iliyosainiwa. Nilimwomba mzee, akasema sisi ni ndugu, karatasi ya nini, akaomba chai. Kisha tukasikia msiba. Niliona haya kumsema marehemu."

"Mzee wewe," Swaumu aliiambia kompyuta, nusu akicheka. Akaandaa hati, akaituma, ikarudi na sahihi na mhuri. Kwenye nafasi ya aliyekabidhi, Mama Nemayian alikuwa ameandika kwa mkono: Marehemu Mzee Mdoe, tarehe 20 Machi.

Alhamisi fedha iliingia. Mafundi walisaini mshahara wao, wakashukuru, wakarudi kazini. Swaumu akamwandikia Mama Nemayian asante ya mistari miwili, kisha akafungua orodha ya wadaiwa. Katika ankara zote alizotoa mzee, ni hiyo moja tu iliyokuwa bado wazi. Alikaa nayo mpaka fundi wa mwisho akafunga geti, ndipo akaandika "imelipwa", akalia.